Pesa ya mume, kazi ya mke

Mwaka 1987 mchumi Thomas Mroz alichapisha utafiti kuhusu wanawake 753 wa Marekani walioolewa, wenye umri wa miaka 30 hadi 60. Kati yao, 428 walikuwa wamefanya kazi ya kulipwa mwaka 1975. Takwimu zake bado zinafundishiwa vyuoni, kwa sababu ndani yake mna swali linalosumbua kuliko linavyoonekana: je, pesa anayoleta mume humfanya mke abaki nyumbani?

Kwa kuwa jibu kwa kila mwanamke ni ndiyo au hapana, watakwimu hutumia modeli ya probiti, inayokadiria uwezekano wa mtu kuwa kazini na kamwe haitoki nje ya sifuri na moja. Ukiingiza kipato cha nyumba bila mshahara wa mke, pamoja na elimu yake, uzoefu, umri na watoto, kipato hupata namba -0.012. Yaani pesa ikiongezeka, uwezekano wa mke kufanya kazi unashuka.

Ila mume na mke hupanga maisha pamoja. Mke akiamua kulea watoto, huenda mume akaongeza saa za kazi, na kipato kikapanda kwa sababu mke yuko nyumbani. Au wote wawili ni wachapakazi na wanaishi mji wenye ajira nyingi: hapo mume analipwa vizuri na mke naye anafanya kazi. Mambo hayo hayamo kwenye dodoso. Yamejificha kwenye sehemu ya modeli isiyoelezwa, na kipato kimefungamana nayo, kwa hiyo ile -0.012 haiaminiki.

Dawa iliyoelezwa na Douglas Rivers na Quang Vuong mwaka 1988 ina hatua mbili. Kwanza tafuta kitu kinachosukuma kipato lakini hakigusi uamuzi wa mke kwa njia nyingine. Katika mfano wetu ni elimu ya mume. Fanya rigresheni ya kawaida ya kipato juu ya elimu hiyo na vigeu vyote vingine vya mke. Halafu chukua masalio, yaani tofauti kati ya kipato halisi cha kila nyumba na kile kilichotabiriwa. Tuseme modeli inatabiri dola elfu 18 kwa nyumba fulani, nayo ina 25: salio ni 7. Ndani ya hiyo 7 ndimo yalimo mambo ya siri yaliyofungamana na uamuzi wa mke. Basi yaingize masalio kwenye probiti yakiwa kigeu cha ziada, kipato halisi kikibaki mahali pake. Kwenye programu ya R:

```r
h1 <- lm(nwifeinc ~ huseduc + educ + exper + expersq +
         age + kidslt6 + kidsge6, data = mroz)
mroz$v <- resid(h1)
h2 <- glm(inlf ~ nwifeinc + v + educ + exper + expersq +
          age + kidslt6 + kidsge6,
          family = binomial(link = "probit"), data = mroz)
```

Wengi hukosea hapa: huondoa kipato halisi na kuweka kilichotabiriwa, kama walivyozoea kwenye modeli za mstari ulionyooka. Probiti ni mkunjo. Ukifanya hivyo namba hutoka kwa kipimo kingine, na ukiongeza mraba wa kipato zinaharibika kabisa.

Namba ya `v` yenyewe ni kipimo. Ikiwa t yake inazidi 1.96, kipato kweli kimefungamana na yaliyofichika. Kwa wanawake wa Mroz, athari ya kipato inakuwa hasi zaidi ya ile ya mwanzo, na `v` inatoka chanya, jambo linaloelekea kwenye ile hadithi ya wachapakazi wawili. Lakini t haifiki 1.96. Mimi nisingekimbilia kusema tatizo halipo. Sampuli ya watu 753 inaweza tu kuwa ndogo mno kulionyesha.

Kupata athari kwa lugha ya kawaida, mpe kila mwanamke kipato kilekile, tuseme elfu 20, kila mmoja akibaki na salio lake, kisha chukua wastani wa uwezekano wao. Rudia kwa elfu 21. Tofauti ya wastani huo miwili ndiyo jibu. Makosa sanifu ya `glm` usiyachukue yalivyo, maana hayajui kwamba `v` nayo ilikadiriwa. Chota sampuli upya kutoka humohumo mara mia kadhaa, ukirudia hatua zote mbili kila mara.

Njia hii hudai kipato kiwe namba inayopanda kidogokidogo. Kama swali lingekuwa iwapo mume ana kazi au hana, masalio ya rigresheni ya kawaida yasingefaa. Hapo hutumika probiti pacha, inayokadiria maamuzi mawili kwa pamoja. Na ile elimu ya mume naitilia shaka zaidi ya yote. Mwanamume aliyesoma huenda ana mtazamo wake kuhusu mke kufanya kazi, hata pesa ikiwa ileile, na hakuna t yoyote kwenye matokeo hayo itakayoliona hilo.