Kiti kipo, tiketi haipo

Stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri. Abiria wa Mwanza anamwonyesha kondakta picha ya skrini: "Kaka, kiti changu B3 hiki hapa, cha kijani."

Kondakta anaikuza kwa vidole viwili. Juu ya ramani ya viti pameandikwa CANCELLED.

"Dada, ulilipa?"

"Nimekatwa hela kabisa!"

Kumbe alichelewa kuweka namba ya siri. Mfumo ulimshikia kiti kwa dakika chache tu. Muda ulipoisha, oda ikafutwa na B3 ikauzwa kwa mwingine. Ile kijani ilionyesha alichochagua, si alichonunua. Hela iliyoingia baadaye haikuifufua tiketi, ila meseji ya muamala ilikuwa na namba ya kumbukumbu, na kwa hiyo karani akaanza kufuatilia marejesho. Safari alilipia upya, kiti cha nyuma.