Droni juu ya nyumba ya Diani: upepo uulizwe kwanza

Mwenye nyumba ya kukodisha pale Diani, pwani ya Kenya, akitaka video ya tangazo huwa anajua anachokitaka: paa la makuti, bwawa la kuogelea, mchanga mweupe na bahari, vyote vikionekana kutoka angani. Picha hiyo inapatikana. Ila kabla ya kuzungumzia kamera, ifunguliwe ramani. Uwanja wa ndege wa Ukunda uko karibu sana na hoteli za ufukweni, na ndege za abiria kutoka Nairobi hutua hapo.

Kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinakataza kurusha droni karibu na uwanja wa ndege bila idhini: kilomita 10 kwa viwanja vikubwa, 7 kwa vidogo. Diani yote imo ndani ya mipaka hiyo. Kwa hiyo kazi inaanza kwa barua kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, si siku ya kupiga picha bali wiki kadhaa kabla yake. Anayepiga picha kwa malipo anatakiwa pia awe na droni iliyosajiliwa na cheti cha uendeshaji. Mwenye nyumba aombe kuviona. Ruhusa yake ya kurusha juu ya kiwanja chake haitoshi, kwa kuwa anga si mali yake.

Kibali kikishapatikana, upepo ndio unaopanga siku. Tuchukue mwezi wa Julai, msimu wa kusi. Nyumba inatazama mashariki, kwa hiyo jua linalochomoza baharini huangaza uso wake kuanzia saa 12:30 hadi saa 2 asubuhi. Bahati nzuri, hizo ndizo saa ambazo upepo bado ni mpole. Mchana, nchi kavu ikishapata joto, upepo wa bahari hujiunga na kusi na minazi huanza kuinama.

Kosa kubwa ni kuipeleka droni mbali huku upepo ukiisukuma, kisha kuirudisha ikipambana nao. Tuseme mwendo wake hewani ni mita 12 kwa sekunde, na upepo wa juu ni mita 8. Kwenda mita 600 upepo ukiwa nyuma kutachukua sekunde 30. Kurudi kunabakiza mita 4 kwa sekunde, yaani dakika mbili na nusu, mota zikifanya kazi kwa nguvu zote. Mtu akigeuka na betri iliyobakia asilimia 25, huenda droni isifike.

Ndiyo maana wakati wa kusi picha za kandokando ya ufuo zianze kwa kuelekea kusini, ili safari ya kurudi isaidiwe na upepo. Wakati wa kaskazi, mpango ugeuzwe. Picha ya kutoka baharini ikiitazama nyumba inataka uangalifu zaidi: alfajiri upepo mwepesi unaweza kutoka nchi kavu na kuisukuma droni nje bila rubani kutambua. Njia rahisi ya kujua ni kuipandisha hadi kimo cha kazi, kuziachilia rimoti na kuitazama kwa nusu dakika. Ikisimama huku imeegemea upande mmoja, upepo unatoka upande huo inakoegemea. Chini kwenye bustani, nyuma ya miti, hakuna dalili ya kuaminika.

Kwenye betri nina msimamo mkali: dakika 34 zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa mahali pasipo upepo. Panga dakika 20, na uanze kurudi asilimia 40 ikibaki. Hizo zinatosha picha tano au sita nzuri, kila moja ikirudiwa. Iliyo mbali zaidi ipigwe kwanza. Betri za akiba zikae kivulini, na iliyotoka kazini ipoe kabla ya kuchajiwa.

Kimo cha kurudi chenyewe nacho kiwekwe kwa mkono. Minazi ikiwa na mita 25, weka 40; ukiweka 100 kwa hofu, droni itapandishwa kwenye upepo mkali zaidi wakati betri iko chini kabisa.

Umbali kutoka kwa watu wasiohusika ni mita 50 kwa sheria, na kimo hakizidi futi 400, karibu mita 120. Ufukwe wa Diani ni wa umma: kuna wauzaji, ngamia, watoto wanaocheza. Asubuhi mapema ndipo huwa wachache, na mtu mmoja asimame mchangani kazi yake ikiwa kumtaarifu rubani tu. Upande wa Galu kuna wanaoteleza majini wakivutwa na tiara. Kamba zake ni nyembamba mno kwa vihisi vya droni. Tiara ikiruka, droni ishushwe.