Kupanga Bei ya Tafsiri kwa Mfasiri Mpya

Kazi nyingi za tafsiri hulipwa kwa neno, na jambo la kwanza la kutamka kwenye kotesheni ni maneno ya matini ipi yanayohesabiwa. Msingi salama ni matini chanzi, kwa kuwa idadi yake inajulikana kabla ya kazi kuanza na mteja anaweza kuihakiki mwenyewe. Hata hivyo, bei ya neno haipaswi kuwa sawa kwa pande zote mbili. Kitenzi kimoja kama “hatutawaambia” hubeba yale ambayo Kiingereza huyasema kwa maneno matano. Mfasiri anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza kwa bei ileile ya Kiingereza kwenda Kiswahili huwa anajipunja, maana kazi ni ileile lakini maneno ya kuhesabu ni machache.

Bei ya neno hupatikana kwa kuanzia na siku ya kazi. Tuseme mfasiri wa Arusha anahitaji kuingiza shilingi 200,000 kwa siku, na kwa utulivu hufasiri na kuhakiki maneno 2,000. Neno moja litakuwa shilingi 100. Kiwango cha kila mtu kitatofautiana, lakini njia ya kukipata ni hii, na ni bora kuliko kunakili bei ya mwingine ambaye gharama na kasi yake hazijulikani.

Tuchukue kazi moja: mwongozo wa pampu ya maji wa maneno 6,000 ya Kiingereza. Programu za kusaidia wafasiri, mojawapo ikiwa OmegaT ambayo ni ya bure, hukata matini katika vipande, kwa kawaida sentensi au kichwa kimoja kimoja, kisha huonyesha vipi vinajirudia. Kipande kinapotokea mara ya kwanza huhesabiwa kuwa kipya, na vinavyofuata ndivyo marudio. Katika mwongozo huu maneno 1,500 ni marudio, maneno 1,000 yamo katika vipande vinavyokaribiana na vingine kwa tofauti ndogo, na 3,500 ni mapya.

Mteja mzoefu huomba punguzo kwa marudio, na ombi hilo ni la haki. Kisicho cha haki ni kutaka marudio yawe bure. Kiswahili kina upatanisho wa ngeli: katika jedwali la hitilafu, neno lilelile la Kiingereza litakuwa “imevunjika” kwa pampu, “limevunjika” kwa bomba na “kimevunjika” kwa kifaa. Programu itaweka jibu la kwanza kila mahali, na ni lazima jicho la mtu lipite juu ya kila kipande. Kwa hiyo marudio yanaweza kulipwa robo ya bei, na vipande vinavyokaribiana asilimia 60. Maneno 1,500 ya marudio yanakuwa sawa na 375 na yale 1,000 sawa na 600. Yakijumlishwa na 3,500 mapya, kazi inalipwa kama maneno 4,475, yaani shilingi 447,500.

Ugumu huja baada ya hapo, nao hupimwa kwa kusoma kurasa kadhaa za katikati na za mwisho, kwa sababu utangulizi karibu kila mara ni mwepesi. Hapa maneno 700 kati ya yale mapya ni masharti ya dhamana, yenye lugha ya kisheria inayopunguza kasi. Nyongeza ya shilingi 40 kwa kila neno la sehemu hiyo ni shilingi 28,000. Ni afadhali kuongeza bei kwenye sehemu ngumu tu kuliko kuipandisha kazi nzima, kwani mteja huona sababu na hubaki na la kukubali.

Zipo pia picha 12 zenye maandishi ndani yake, ambayo hakuna programu ya maneno itakayoyahesabu. Hizo hulipwa kwa saa: saa tatu kwa shilingi 25,000 ni 75,000. Jumla inafika shilingi 550,500.

Katika kotesheni kila mojawapo ya hesabu hizi hupewa mstari wake, pamoja na jina la programu iliyohesabu, kwa kuwa programu mbili huweza kutofautiana kuhusu tarakimu na maneno yenye kistari. Muda wa kukabidhi uwe siku nne za kazi, si mbili na nusu, ili uhakiki wa mwisho upate nafasi yake. Mwisho huandikwa kwamba bei inahusu faili lililopokelewa siku hiyo, na kwamba maneno yatakayoongezwa baadaye yatahesabiwa upya kwa viwango vilevile.