Miaka 550 ndani ya dakika 13

Miji ya Waswahili imo katika muhtasari wa somo la Historia ya Dunia la AP, ambalo wanafunzi wa sekondari wa Marekani hulifanyia mtihani kila Mei. Sehemu moja ya mtihani huo ina maswali mafupi matatu ya kujibiwa kwa dakika 40, yaani kama dakika 13 kwa kila swali. Swali hugawanywa katika vipengele a, b na c, na kila kipengele kina alama moja. Utangulizi hautakiwi, wala hoja kuu. Kinachotakiwa ni sentensi chache zenye ushahidi.

Tuchukue swali la mfano kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi kati ya 1200 na 1750. Kipengele a kinataka badiliko moja, b kinataka jambo moja lililodumu, na c kinataka sababu iliyolifanya lidumu.

Mtahiniwa mwenye haraka huandika hivi kwenye a: "Mwaka 1498 Wareno walifika." Habari hiyo ni ya kweli, lakini ni tukio tu. Badiliko lina pande mbili, kabla na baada, na pande zote mbili lazima zizungumzie jambo lilelile. Hapa jambo linalofaa ni nani aliyekuwa na kauli juu ya biashara. Kabla ya Wareno, hakuna dola iliyodai kuimiliki bahari yenyewe. Nahodha alilipa ushuru bandarini, na Kilwa ilitajirika kwa kusimamia dhahabu iliyopitia Sofala. Mwaka 1505 Wareno waliivamia Kilwa na kuanza ngome Sofala. Wakadai pia kwamba chombo cha mfanyabiashara kiwe na hati yao ya ruhusa, kartazi, la sivyo kinaweza kukamatwa pamoja na shehena yake. Sentensi tatu za namna hiyo zinatosha: ilikuwaje, ikawaje, na ushahidi.

Kipengele b ndicho kinachowaangusha wengi, kwa sababu kudumu kwa jambo huonekana kama hakuna lililotokea. Matokeo yake mtu huandika kwamba "watu waliendelea kufanya biashara," kauli inayoweza kusemwa juu ya bahari yoyote na karne yoyote. Msahihishaji hana cha kushika hapo. Mwendelezo nao huthibitishwa, na uthibitisho wake ni kuonyesha jambo lilelile katika nyakati mbili zilizoachana, wakati mmoja ukiwa kabla ya msukosuko na mwingine baada yake.

Kitambaa cha pamba kutoka Gujarati kinafaa sana. Kabla ya 1498 wafanyabiashara wa Kiislamu walikileta pwani na kukibadilisha kwa dhahabu na pembe za ndovu kutoka bara. Wareno walipoishika Sofala wakakuta bidhaa zao za Ulaya hazina soko kubwa huko. Wenye dhahabu walitaka nguo walizozizoea. Ikawabidi Wareno wenyewe watafute nguo za Gujarati ili wapate dhahabu na pembe. Bendera kwenye ngome ilikuwa mpya, lakini mnunuzi wa bara alikuwa bado anapokea kitambaa kilekile. Ushahidi huu una nguvu kwa sababu unatoka kwa waleule waliokuja kubadilisha mambo.

Kwenye c, kosa la kawaida ni kurudia b kwa maneno mengine. Sababu ya kudumu ni nguvu inayolishikilia jambo lisiondoke. Hapa nguvu hiyo ni mahitaji ya watu wa bara: ndio waliokuwa na dhahabu na pembe, ndio waliochagua watapokea nini, na Wareno walikuwa wachache mno kuwalazimisha. Pepo nazo zilisaidia. Kaskazi ilivisukuma vyombo kutoka India na Arabuni hadi pwani kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, kisha kusi ikavirudisha, na ngome haikuweza kuigeuza ratiba hiyo. Mtahiniwa anayetaja pepo lazima aziunganishe na biashara, kwa maana pepo peke yake ni hali ya hewa.

Miaka iliyotajwa kwenye swali nayo ina amri. Kutekwa kwa Ngome ya Yesu na Waomani mwaka 1698 kumo ndani ya kipindi, na mtu anaweza kukutumia kwenye a akieleza mamlaka ya Mombasa yalivyohama. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba ni ya karne ya 19. Anayeijua pwani vizuri ndiye hasa anayeshawishika kuyaingiza, na sentensi hiyo, hata ikiwa sahihi kabisa, haimpatii alama yoyote.