Silinda Inapofura Tumbo

Maabara nyingi za ujenzi zina mashine ya kubana ambayo kazi yake kubwa ni kuvunja michemraba ya zege. Mchemraba huwekwa kati ya sahani mbili nene za chuma, haidroliki husukuma, sindano hupanda, kisha mchemraba hupasuka na sindano huanguka. Namba ya juu kabisa ndiyo jibu. Sasa ondoa zege, uweke kipande kifupi cha alumini laini. Sindano itapanda, itaendelea kupanda, wala hutasikia mlio wowote. Kipande kinafupika, kinanenepa, kinatoa tumbo, na pengine mashine itafika ukomo wa uwezo wake huku alumini ikiwa bado nzima. Ukimuuliza fundi nguvu ya mwisho ya alumini hiyo inapobanwa ni ngapi, hana namba ya kukupa. Metali inayofulika namna hii haina kilele cha kusoma.

Tuchukue kipande chenyewe tukifuate hatua kwa hatua. Ni silinda ya alumini karibu safi, iliyopashwa moto na kuachwa ipoe ili iwe laini, kisha ikakerezwa hadi kipenyo cha milimita 20 na kimo cha milimita 30. Kimo hicho hakikuchaguliwa ovyo. Silinda ikiwa ndefu sana, tuseme mara tatu au nne ya kipenyo chake, ni rahisi ipinde katikati badala ya kubanwa sawasawa, na utakuwa umepima kupinda. Ikiwa fupi mno kama sarafu, sahani za mashine zinatawala kila kitu, kama tutakavyoona. Kwa hiyo watu wa kazi hii hukaa kati ya kipenyo kimoja na viwili. Nyuso za juu na chini lazima ziwe bapa na sambamba kabisa, maana mwinamo mdogo tu hufanya upande mmoja ubebe mzigo kabla ya mwingine, na mwanzo wa grafu unaharibika.

Kutoka kwenye fimbo hiyohiyo, tengeneza kipande kingine cha kuvuta, nacho kiwe na unene wa milimita 20. Kivute taratibu. Kitarefuka sawasawa mwili mzima hadi kifike karibu asilimia 22 ya urefu wake wa awali, mzigo ukiwa takriban kilonyutoni 34. Hapo ndipo kilele kilipo. Baada ya hapo sehemu moja inaanza kukonda na kutengeneza shingo, mzigo unashuka, na muda si mrefu kipande kinakatika shingoni. Silinda yetu ya kubanwa, ikifika nusu ya kimo chake, inadai kilonyutoni 105 hata kama hakuna msuguano wowote. Mtu akiziona namba hizi mbili bila maelezo ataamini kwamba alumini ina nguvu mara tatu zaidi inapobanwa kuliko inapovutwa.

Si kweli, na hesabu yake ni nyepesi. Metali inapobadilika umbo kwa kudumu, ujazo wake haubadiliki. Kinachovutwa kinakonda, kinachobanwa kinapanuka. Eneo la mwanzo la vipande vyote viwili ni milimita za mraba 314. Cha kuvuta kinaporefuka kwa asilimia 22, eneo lake limeshuka hadi kama 257. Silinda iliyobadilika kwa kiwango hichohicho ni ile iliyofupishwa hadi milimita 24.6, yaani asilimia 18 tu, kwa sababu kurefuka mara 1.22 na kufupika hadi 0.82 ni jambo moja likisomwa kutoka pande mbili. Zidisha namba hizo upate moja. Eneo la silinda hiyo sasa ni 384. Alumini ya namna hii, kwa kanuni inayopatikana katika vitabu vya uhandisi, inahitaji mkazo wa karibu megapaskali 130 ili iendelee kusogea ikiwa imefika kiwango hicho. Mkazo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo. Zidisha 130 kwa 257 upate kilonyutoni 34 hivi. Zidisha 130 kwa 384 upate 50. Metali ni ileile, na ugumu iliofikia ni uleule. Tatizo linaanza pale mtu anapogawanya nguvu zote mbili kwa eneo la mwanzo, la 314, kama ripoti nyingi zinavyofanya: upande wa kuvuta anapata megapaskali 107, upande wa kubana 159.

Ndiyo maana grafu ya kuvuta ina kilima na ya kubana ni mpando usio na kilele. Katika kuvuta, mambo mawili yanashindana: metali inazidi kuwa ngumu kadiri inavyobadilika umbo, na wakati huohuo inakonda. Kukonda kukishinda, shingo inatokea. Katika kubana mambo hayo yamo upande mmoja, ugumu unaongezeka na eneo linaongezeka, kwa hiyo hakuna cha kuivuta sindano chini. Kwa wanaochora mabati na kufua vyuma hii ni faida kubwa: kuvuta kunakupa habari za alumini hadi asilimia 22 tu kabla shingo haijavuruga mambo, ilhali kubana kunaweza kukufikisha mbali zaidi.

Kunaweza, nimesema, kwa sababu kubana nako kuna mvurugo wake, na huo ndio lile tumbo.

Silinda inapofupika, nyuso zake za juu na chini zinataka kupanuka pamoja na mwili wote. Lakini zimegandamizwa kwenye sahani za chuma kigumu kisichopanuka, na msuguano unazishika. Katikati ya kimo hakuna kinachoshika, kwa hiyo metali inatoka nje kwa uhuru. Ukikata silinda iliyobanwa kutoka juu hadi chini na kupima ugumu wake kwa vipimo vidogo vidogo, utakuta chini ya kila uso kuna eneo la umbo la koni butu ambalo karibu halikubadilika. Bado ni laini kama lilivyoingia mashineni. Katikati kabisa ugumu umepanda sana. Kwa maneno mengine, unaposema silinda imefupika kwa nusu, umetaja wastani wa sehemu ambazo hazikufupika na sehemu zilizofupika kupita nusu.

Kuna dalili mbili za kulitambua jambo hili bila kukata kitu. Ya kwanza ni kalipa. Silinda yetu ikifika kimo cha milimita 15, ujazo unataka kipenyo kiwe 28.3 kila mahali. Ukipima 28.3 juu, katikati na chini, umebana vizuri. Ukikuta tumbo limezidi hapo na miisho imepungua, msuguano umefanya kazi. Dalili ya pili naipenda zaidi, kwa sababu inaonekana kwa macho. Tazama uso wa juu wa silinda baada ya kuitoa. Alama za kukereza zitakuwa bado zipo katikati, na pembeni yake kutakuwa na pete laini isiyo na alama hizo. Pete hiyo haikuwa sehemu ya uso huo. Ilikuwa ubavuni, na tumbo lilipofura ikajikunja ikalala juu ya sahani.

Msuguano pia huongeza mzigo, na ongezeko lake linaweza kukadiriwa. Kama Y ni mkazo ambao metali yenyewe inataka, shinikizo la wastani linalosomwa ni

p = Y(1 + μd/3h)

ambapo d ni kipenyo, h ni kimo, na μ ni kipimo cha msuguano. Tuseme μ ni 0.2. Mwanzoni, silinda ikiwa 20 kwa 30, ongezeko ni asilimia 4 hivi na hakuna atakayeligundua. Kwa kimo cha milimita 15 linafika karibu asilimia 13, na zile kilonyutoni 105 zinakuwa 118. Ukiendelea kubana hadi kimo cha milimita 5, kipenyo kimefika 49 na ongezeko ni asilimia 65. Kanuni hii ni ya makadirio, maana inachukulia kwamba nyuso zinateleza na kwamba mwili umebaki mnyoofu, lakini inaonyesha kwa nini kipande chenye umbo la sarafu hudanganya: kadiri kinavyokuwa bapa, ndivyo unavyopima zaidi msuguano na kidogo zaidi metali.

Zege nalo halijasalimika. Mchemraba uliovunjwa huacha mapiramidi mawili yaliyopeana ncha, kwa sababu sahani zilizishikilia nyuso zake zisipanuke. Ndiyo sababu daraja la zege huandikwa kwa namba mbili, kama C25/30: zege hilohilo hutoa 25 likipimwa kwa silinda ndefu ya milimita 150 kwa 300, na 30 likipimwa kwa mchemraba.

Dawa ya kwanza ni kilainishi. Grisi ya kawaida husukumwa nje mapema, kwa hiyo hutumika grafiti, au karatasi nyembamba za tefloni, au mifereji midogo ya duara hukerezwa kwenye nyuso ili ihifadhi mafuta. Wengine hubana kidogo, husimamisha mashine, hupima, hupaka upya, kisha huendelea. Hata hivyo kilainishi kinene kupita kiasi nacho kina kasoro: chenyewe kinasukumwa nje na kuivuta miisho ya silinda, ikapanuka kuliko katikati, na tumbo linageuka kiuno.

Njia ya pili, iliyochapishwa na Cook na Larke mwaka 1945 walipofanya kazi na shaba na aloi zake, haijaribu kuua msuguano. Walitengeneza silinda za kipenyo kimoja na vimo tofauti, wakazibana kwa mizigo ileile, wakaona jinsi zile fupi zilivyokataa zaidi kufupika. Kisha, kwa kila mzigo, ufupikaji ulichorwa dhidi ya uwiano wa kipenyo kwa kimo, na mstari ukaendelezwa hadi uwiano huo uwe sifuri. Hiyo ni silinda ndefu isiyo na mwisho, ambayo miisho yake haina athari. Haiwezi kutengenezwa wala isingekubali kusimama bila kupinda, lakini karatasini inapatikana kwa silinda nne tu na rula.

Msuguano ukiondolewa na eneo halisi likitumika, grafu ya kubana na ya kuvuta hulaliana kwa metali laini kama hii, hadi pale shingo inapoanza. Hazilaliani ikiwa fimbo ilikuja ikiwa imevutwa baridi kiwandani. Johann Bauschinger, huko Munich katika miaka ya 1880, alionyesha kwamba metali iliyovutwa kupita uwezo wake wa kurudi hulegea mapema ikigeuziwa mzigo na kubanwa. Tofauti hiyo imo ndani ya metali, na hakuna tefloni itakayoiondoa.

Mwishowe, aloi zisizo laini sana hupasuka hata zikibanwa, na nyufa huanzia tumboni, wima au kwa mshazari. Ngozi ya tumbo inanyooshwa kuzunguka duara huku ikibanwa kidogo tu kwa wima. Hapo, katikati ya kipimo cha kubana, metali inavutwa. Kwa hiyo ufa huo hutegemea ukubwa wa tumbo, na tumbo hutegemea kilichopakwa kwenye sahani. Ripoti inayosema aloi fulani ilipasuka ikiwa imefupika kwa asilimia 60, bila kutaja kilainishi wala uwiano wa kimo kwa kipenyo, haimwambii mfua vyuma kama kipande chake mwenyewe kitapasuka.