Koti la sufu lililosinyaa kwa dobi, na barua ya kulidai

Barua ya kumlalamikia dobi kuhusu koti la sufu lililoharibika hufaulu au kufeli kwa jambo moja: je, inaonyesha nini hasa kilitokea ndani ya mashine? Koti likiwa limefupika, limekakamaa na nywele zake zimeshikamana, mwenye nalo huona hasara tatu na kuzilalamikia moja moja. Kumbe zote ni dalili za tukio moja, na tukio hilo lina sababu zinazojulikana. Anayezielewa ataandika barua fupi isiyo na matusi, na dobi atapata shida kuijibu kwa maneno ya kawaida kwamba eti kitambaa chenyewe ndicho kilichokuwa kibovu.

Sufu ni nywele za kondoo. Kila unywele umefunikwa magamba madogo mno yanayopandana kama makuti ya paa, yote yakielekea upande wa ncha. Zikiwa kavu na zimetulia, nywele hizo hupitana bila taabu. Zikilowa, hufura na kulegea, na magamba yake hunyanyuka kidogo. Mashine ikianza kuzisugua na kuzipindua, kila unywele husogea upande wa shina lake tu, kwa sababu magamba ya jirani zake huuzuia kurudi ulikotoka. Mzunguko baada ya mzunguko, nywele huingiana, hujifunga na kuvuta kitambaa kizima ndani. Hapo ndipo koti linapofupika. Kwa kuwa sufu ile ile sasa imebanwa katika eneo dogo, kitambaa huwa kinene. Na kwa kuwa nyuzi haziwezi tena kuteleza zikipishana, hukakamaa. Uso wake hupoteza mistari ya ufumaji na kuwa kama blanketi lililogandamana.

Maji, msuguano na muda ndiyo mambo makuu. Joto na sabuni kali za unga huharakisha kazi, na vivyo hivyo mashine ya kukaushia inayozungusha nguo ikiwa bado mbichi. Maji moto peke yake, bila kusukasuka, si adui mkubwa kama wengi wanavyodhani; msuguano ndio unaofunga nywele. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake huliloweka vazi la sufu linaloruhusu maji katika maji ya vuguvugu, hulikamua kwa kulibonyeza badala ya kulisokota, kisha hulitandaza likauke.

Kuna kusinyaa kwa aina nyingine, na ni haki ya dobi kutaka kitofautishwe na hiki. Kiwandani kitambaa huvutwa kinapofumwa na kupigwa pasi, kisha kikilowa mara ya kwanza huachia mvuto huo na kurudi kidogo. Kupungua huko huwa kwa kiasi, uso wa kitambaa haubadiliki, na mara nyingi mvuke wa pasi na mkono wa fundi vinaweza kukinyoosha tena. Lakini nywele zikishafungana, hakuna mvuke wala kemikali ya kuzifungua likawa koti lile lile. Basi barua isitaje ufupi peke yake. Itaje ufupi pamoja na unene, ukakamavu na kupotea kwa mistari ya ufumaji, maana zikikutana hizo nne, maelezo ya kwamba kitambaa kimeachia mvuto tu hayasimami.

Jibu la pili ambalo dobi hupenda kulitoa ni kwamba koti halikuguswa na maji kabisa, lilisafishwa kwa draiklini. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli, ila halimalizi mambo. Dawa ya draiklini haizifurishi nywele za sufu, na ndiyo sababu lebo za makoti mengi zina duara lenye herufi P au F ndani yake, alama zinazotaja aina ya dawa inayoruhusiwa. Mstari chini ya duara unataka mashine iendeshwe polepole. Hata hivyo, maji yakizidi ndani ya dawa, au koti likiingizwa likiwa na unyevu wa mvua, au likinyunyiziwa maji ya kutoa doa kisha likatiwa mashineni kabla halijakauka, sufu hugandamana humo humo kwenye draiklini. Mwenye koti hana haja ya kujua ni lipi kati ya hayo lililotokea. Yote yako mikononi mwa dobi.

Ushahidi wa kweli umo ndani ya koti lenyewe, nao ni bitana. Bitana nyingi za makoti ni za poliesta, ambayo haina magamba na hairudi hovyo kwa kufuliwa. Sufu ikisinyaa, bitana hubaki na urefu wake wa awali, na hivyo huwa rekodi ya ukubwa wa koti kabla ya kwenda kwa dobi. Huonekana ikining'inia chini ya pindo, ikichungulia kwenye mikono au ikijikusanya kwa mafungu ndani. Kitambaa kigumu kilichogundishwa nyuma ya kifua hubaki vile vile, ndipo sehemu ya mbele huvimba viputo. Bitana ikiwa ya pamba au viskosi, ushahidi wake hupungua nguvu, kwa sababu hizo nazo zaweza kurudi.

Chukua koti refu la sufu la kike lililonunuliwa Gikomba, Nairobi, kwa shilingi 4,500. Ni mtumba, halina risiti, lakini lebo yake ndani ya ubavu bado inasomeka: sufu asilimia 80, poliamidi 20, bitana poliesta, beseni lenye mkasi wa kukataza maji, duara lenye P na mstari mmoja chini yake. Baada ya misimu miwili ya baridi lilipelekwa kwa dobi, likalipiwa shilingi 600. Liliporudi, mgongo ulipimwa kutoka mshono wa kola hadi pindo ukapatikana sentimita 85. Bitana ilipovutwa kwa upole na kupimwa kwenye mstari huo huo, ilikuwa sentimita 95. Washonaji huikata bitana ya koti refu kama hilo ikiwa fupi kuliko pindo kwa sentimita mbili au tatu, hivyo koti lilikuwa na takriban sentimita 98. Limepoteza 13, zaidi ya asilimia 13 ya urefu wake. Hesabu hiyo haihitaji mtu aliyewahi kulipima koti hapo kabla, na hilo ndilo jambo ambalo wengi hawalijui wanapoondoka dukani wakidhani hawana ushahidi.

Kabla ya kuandika, koti lisifuliwe tena, lisipigwe pasi wala lisivutwe kwa nguvu. Kijikaratasi cha namba ambacho dobi hukibana kwenye kola au tundu la kifungo kibaki hapo hapo. Picha zipigwe koti likiwa limelazwa mezani pamoja na futi ya fundi cherehani: moja ya mgongo, moja ya bitana inayotokeza, moja ya lebo, na moja ya karibu inayolinganisha uso wa sufu na kipande kilichofichika chini ya kola ikiwa hapo mistari bado inaonekana. Kisha barua yaweza kuwa hivi:

Kwa Meneja,

MINT: KOTI LA SUFU, RISITI NAMBA 0417

Tarehe 8 Julai nilileta dukani kwenu koti la kike la sufu, rangi ya kijivu, ili lisafishwe. Lilikuwa zima, na karani aliyelipokea hakuandika kasoro yoyote kwenye risiti. Lebo yake inakataza kufuliwa kwa maji na inaruhusu draiklini ya polepole.

Nililichukua tarehe 12 Julai. Sufu imefupika hadi sentimita 85 mgongoni, ilhali bitana ya poliesta ina sentimita 95 na inaning'inia nje ya pindo. Kitambaa kimekuwa kinene na kikakamavu, na mistari ya ufumaji haionekani tena. Dalili hizi pamoja zinaonyesha kwamba sufu ilisuguliwa ikiwa na maji au unyevu. Haliwezi kurekebishwa.

Naomba nilipwe shilingi 4,000, bei ya koti la aina na hali kama hiyo sokoni leo, pamoja na shilingi 600 nilizolipia kazi. Naomba pia mnieleze kwa maandishi namna lilivyosafishwa na kukaushwa. Picha na nakala ya risiti zimeambatishwa. Koti liko nyumbani na mnakaribishwa kulikagua nikiwepo. Nitashukuru kupata jibu lenu katika siku 14.

Wako,

Nguvu ya barua hiyo iko katika kiasi chake. Haidai bei ya koti jipya kwa vazi lililovaliwa miaka miwili, maana anayelipa fidia hulipia thamani iliyopotea, na dai lililotiwa chumvi humpa dobi kisingizio cha kubishana juu ya fedha badala ya kosa. Kwa mtumba, bei ya leo ya koti linalofanana nalo kwenye vibanda vitatu vinne inatosha kuwa kipimo. Barua haimtaji mfanyakazi yeyote kwa ubaya. Inampa dobi nafasi ya kulikagua koti bila kumwachia, jambo ambalo ni la busara, kwa sababu koti likibaki kwake ushahidi wote umeondoka.

Dobi huenda akaonyesha maandishi madogo yaliyo nyuma ya risiti, kwamba duka haliwajibiki kwa nguo kusinyaa. Nchini Kenya maandishi hayo si ngao kamili. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa na kufidiwa hasara itokanayo na kasoro za huduma. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inaihesabu kila huduma kuwa imeuzwa pamoja na dhamana ya ubora huo. Zaidi ya hapo, aliyepokea mali ya mtu ili aifanyie kazi ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba aliitunza ipasavyo. Dai hudhoofika pale ambapo lebo yenyewe ilikosea na dobi akaifuata, maana hapo kosa ni la mtengenezaji; au koti lilipokosa lebo na mwenyewe akaagiza lifuliwe kwa maji.

Siku zilizotajwa zikipita bila jibu, barua hiyo hiyo na picha zake hugeuka kuwa kiini cha dai katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya huduma na ya mali iliyoharibiwa. Mtu huruhusiwa kujisimamia mwenyewe, kanuni za ushahidi si ngumu, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Koti na futi ya kupimia huletwa mbele ya hakimu, naye huweza kuishika sufu na kuiona bitana kwa macho yake.