“Inaendelea vizuri” haimsaidii anayepokea ofisi

Mei 2025 niliombwa na shirika moja dogo linalofanya miradi ya maji vijijini mkoani Dodoma niinyooshe hati ya makabidhiano. Afisa programu wao alikuwa anaondoka Ijumaa tarehe 16, na mrithi wake angeripoti Jumatatu ya Juni 2. Kati yao kulikuwa na wiki mbili ambazo kiti kingekaa kitupu. Hati ilikuwa na kurasa kumi na moja, imeandikwa kwa moyo na kwa Kiswahili safi. Ilianza na historia ya mradi, ikapita kwenye mafanikio, na mwishoni ikaorodhesha namba za simu thelathini na nane.

Niliisoma mara ya kwanza nikiwa na kalamu nyekundu, nikizungushia duara maneno ya aina moja tu: inaendelea, inafuatiliwa, iko kwenye mchakato, iko hatua za mwisho, imekamilika. Yalifika ishirini na tatu. Haya ni maneno tunayoyatumia ofisini kutwa nzima, na kwenye kikao hayana ubaya, kwa kuwa aliyeyasema yupo na anaweza kuulizwa. Kwenye hati ya makabidhiano mwenye kuulizwa hayupo. Kwa hiyo kila duara nililiwekea maswali manne pembeni: kazi imefika wapi hasa, sasa iko mikononi mwa nani, tarehe gani haitakiwi kupita, na karatasi ya kuthibitisha iko wapi.

Sentensi iliyonishtua kuliko zote ndiyo iliyoonekana haina shida kabisa. Ilisomeka hivi: “Tangi la kijiji cha tatu limekamilika na kukabidhiwa. Malipo ya mkandarasi yako hatua za mwisho.” Nilimwendea mezani kwake.

“Dada, hizi hatua za mwisho ni zipi?”

“Si ile asilimia tano, kaka. Mbona inajulikana.”

“Inajulikana na nani?”

Akanyamaza kidogo. “Na mimi,” akasema, kisha akavuta droo kutafuta mkataba.

Asiyewahi kusimamia ujenzi aelewe jambo hili. Mkandarasi akikabidhi kazi, mikataba mingi humzuilia sehemu ndogo ya fedha yake kwa muda unaoitwa kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi kumi na miwili. Ufa ukitokea ndani ya muda huo, anaurekebisha kwa gharama yake. Muda ukiisha bila kasoro kuandikwa, anadai fedha zake na anastahili kulipwa. Tangi hili lilikabidhiwa Juni 14, 2024. Maana yake afisa mpya angekuwa na siku kumi na mbili tu tangu kuingia ofisini, na hati ilimwambia kazi imekamilika. Asingekuwa na sababu hata ya kufungua jalada.

Baada ya kuusoma mkataba pamoja, ile sentensi tuliiandika upya:

> Tangi la kijiji cha tatu. Limekabidhiwa 14/6/2024. Mkataba ni shilingi milioni 62. Tumelipa asilimia 95, na milioni 3.1 tumezizuia hadi kipindi cha matazamio kiishe 14/6/2025. Siku hiyo ni Jumamosi, hivyo barua ya kasoro imfikie mkandarasi kabla ya Ijumaa tarehe 13. Kazi iko kwetu: ukaguzi wa pamoja na mhandisi wa RUWASA wilaya na kamati ya maji ufanyike kabla ya sikukuu ya Idi. Mialiko bado haijaandikwa. Mkataba uko kabati la pili, jalada la bluu.

Ni ndefu kuliko ya awali, na sikuona haja ya kuifupisha. Nilichofupisha ni historia ya mradi. Kurasa nne zilikwenda nyuma kama kiambatisho, kwa sababu hakuna anayeamka Jumatatu ya kwanza kazini akitafuta mradi ulianza mwaka gani. Ukurasa wa kwanza tuliupa kazi za siku thelathini za mwanzo peke yake, zikipangwa kwa tarehe.

Kwenye tarehe kuna mtego mwingine. Hati ilisema ripoti ya mfadhili ni Julai 31. Ni kweli, lakini hiyo ni tarehe ya kuifikisha, na anayeingia anahitaji tarehe ya kuanza. Tulihesabu kurudi nyuma. Mkurugenzi huhitaji siku tano za kazi kuisoma, kwa hiyo rasimu imfikie Julai 24. Mhasibu hufunga vitabu vya Juni na kutoa taarifa ya fedha kwa siku kumi za kazi, na kwa kuwa Saba Saba ni mapumziko, atamaliza Julai 15. Usomaji wa mita za maji kutoka vijiji vyote vinne lazima uwe umefika Julai 4, la sivyo hakuna cha kuandika. Hivyo tarehe moja ikawa nne, na ya kwanza kati ya hizo iko karibu mwezi mzima kabla ya ile iliyokuwa imeandikwa.

Namba za simu tulizipunguza kutoka thelathini na nane hadi tisa, zilizobaki zikaachwa kwenye kitabu cha ofisi. Mbele ya kila jina tuliandika mtu huyo anahusika na kitu gani, mara ya mwisho mlizungumza nini, na kama kuna ahadi ya mdomo. Ahadi za mdomo ndizo zinazopotea kwanza. Mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji cha pili aliahidiwa koki mbili za akiba, na hapakuwa na karatasi yoyote inayosema hivyo. Kuhusu mzee huyohuyo, hati ya awali ilisema ni “mgumu kupatikana”. Nilipouliza, kumbe asubuhi yuko shambani mtandao usikofika. Tukaandika: apigiwe baada ya Magharibi. Maoni juu ya tabia za watu tuliyafuta yote, maana hati huzunguka ofisini na anayekuja ana haki ya kuwaona watu kwa macho yake. Nywila hazikuandikwa, tuliandika nani anazo.

Anayenyoosha hati ya mwenzake ana mpaka wake. Mahali pamoja bei ya pampu ilikuwa milioni 18.4, na kwenye hati ya malipo ilikuwa milioni 14.8. Ni rahisi kuamini tarakimu zimegeuzwa tu, ukasahihisha na kuendelea. Sikufanya hivyo. Niliandika zote mbili, nikaweka “haijathibitishwa”, jina la cheo cha atakayethibitisha na siku yake. Mhasibu alipofuatilia, tofauti ilikuwa kweli: ankara ya kwanza ilifutwa baada ya kubadilisha aina ya pampu.

Alhamisi jioni, kabla hajaondoka, tulimpa kijana wa mapokezi hati mpya. Hajawahi kufika kwenye mradi. Tukamuuliza nini kifanyike wiki ya kwanza, apigiwe nani, na karatasi iko wapi. Mawili alijibu papo hapo. La tatu lilimshinda, kwa kuwa kabati la pili kwa wanaotokea mlangoni ni la kwanza kwa wanaokaa dirishani. Tukalibandika kabati lenyewe karatasi yenye namba.

Ukaguzi ulifanyika Alhamisi ya Juni 5. Chini ya bomba la kuingizia maji palikuwa na ufa wa urefu wa kiganja, unyevu wake umeota ukungu wa kijani. Barua ilimfikia mkandarasi Jumanne ya tarehe 10, zikiwa zimebaki siku nne.